Mafuta yakiganda sio feki, tatizo ni lebo iliyobandikwa kwenye dumu

Kila ikifika Juni na Julai simu za malalamiko huku maabara zinakuwa nyingi, hasa kutoka Njombe, Makete na Mbeya, na karibu zote ni wimbo mmoja: "nimenunua mafuta ya alizeti asubuhi nimekuta yameganda, ni feki, njooni mfunge hilo duka". Sasa jamani. Duka halifungwi kwa sababu ya baridi. Ngoja nieleze kwa kutumia dumu moja tulilolipokea, la lita 5, mama mmoja kalibeba kwenye basi mpaka kwetu, chini limeganda jeupe kama uji uliolala na juu kuna mafuta maji.

Mbele kuna picha kubwa ya ua la alizeti na maandishi "mafuta safi ya kupikia". Basi. Neno alizeti halipo popote, nimelizungusha dumu lote. Nyuma, kwa herufi za kuhitaji miwani, kwenye viambato imeandikwa oleini ya mawese na vitamini A. Oleini ndio ile sehemu ya maji ya mafuta ya mawese baada ya kuitenga na ile ngumu, Dar inakaa maji mwaka mzima kwa sababu ya joto ila ukiipeleka kwenye baridi ya nyuzi 10 kushuka inaanza kuwa na ukungu halafu inaganda, ndio tabia yake, ukiirudisha juani inayeyuka na haijaharibika. Kwa hiyo mafuta ya yule mama yalikuwa mazima kabisa ya kuliwa, kosa lipo kwenye ile picha, maana picha inayomfanya mtu aamini kitu ambacho hakimo nayo ni sehemu ya lebo na inahojiwa kama maneno. Mama hakufurahi nilivyomwambia, alitaka tuseme ni sumu.

Tukija kwenye kusafishwa na kutosafishwa, huku watu wanachanganya sana. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani yametolewa utomvu, yakaondolewa asidi, yakapitishwa kwenye udongo maalumu wa kutoa rangi, mwisho yakapigwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 200 kutoa harufu. Ndio maana yanatoka meupe hayanuki kitu, yawe ya alizeti au ya mawese au ya soya, kwa macho na pua huwezi kuyatofautisha na hata mimi siwezi, usidanganywe na muuzaji anayejifanya anajua kwa kunusa. Yale ya kukamua ya Singida na Dodoma ambayo hayajasafishwa yana rangi ya dhahabu iliyokolea, yananukia mbegu, yanaacha machicha chini ya chupa na ukiyachemsha yanatoa povu. Povu ni ule utomvu ambao haukutolewa, sio sabuni!! Hili la sabuni sijui nani aliwaambia. Na yale maneno "dabo rifaindi" yanakwambia mafuta yamesafishwa tu, hayakwambii ni ya mmea gani, na "haina kolesto" ni sawa na kuandika chumvi haina mifupa, hakuna mafuta ya mimea yenye kolesto ya kuhesabika.

Sasa sehemu ambayo ningependa uishike, ni jedwali la virutubisho nyuma ya chupa. Tafuta mstari wa mafuta yaliyoshiba, kwenye lebo nyingi wanaandika kwa Kiingereza, saturated. Alizeti kwenye gramu 100 inakuwa na kama gramu 11 hivi. Oleini ya mawese inazidi 40. Hapo hakuna kubahatisha, ni namba mbili zinazopishana karibu mara nne. Tulikuwa na chupa mbili mezani zote zimeandikwa mbele "alizeti halisi asilimia 100", moja nyuma ilikuwa na 11, ya pili 42. Ile ya pili haihitaji hata maabara kuanza kuitilia shaka, lebo imejichoma yenyewe, maana anayebadilisha lebo ya mbele akawa anauza kwa bei ya alizeti mara nyingi anasahau kubadilisha ya nyuma. Ukikuta 25 au 27 fikiria mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Ila angalia wamepima kwa kiasi gani, wengine wanaandika kwa kijiko kikubwa kimoja chenye kama gramu 14, hapo alizeti itasoma gramu 1 na nusu na mawese itasoma kama 6.

Mwenye friji anaweza kujaribu pia, weka glasi nyembamba usiku mzima rafu ya katikati, sio kwenye friza. Alizeti iliyosafishwa itabaki maji. Ya kukamua inaweza kuwa na ukungu mwepesi kwa sababu ya nta ya maganda, usipige kelele. Ikiganda nyeupe nzito ujue kuna kitu kingine, lakini hutajua ni mawese au karanga au pamba, zote zinaganda, na aliyechanganya kidogo tu atakupita. Kwa hiyo friji inakupa shaka, haikupi ushahidi, usiende kumtukana mwenye duka mbele ya watu.

Kuhusu bei, linganisha kwa ujazo unaofanana. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita 5 zina uzito wa kilo 4.6 hivi, na kilo 5 ni karibu lita 5.4. Tuseme dumu la lita 5 ni 35,000 na la kilo 5 ni 36,500, hilo la pili ndio rahisi ingawa linaonekana ghali, lita moja inakuja kama 6,700 badala ya 7,000.

Ukiwa na shaka ya kweli utaratibu uko hivi, na naomba usomwe maana watu wanatuletea mafuta kwenye chupa ya soda halafu wanataka kesi. Usihamishe mafuta, usibandue lebo. Lete na chombo chenyewe na risiti, au kama huna, jina la duka na tarehe uliyonunua, na piga picha namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina na anuani ya mzalishaji na alama ya TBS. Chombo kilichofunguliwa kinatupa taarifa tu, sampuli ya kisheria mkaguzi anaichukua mwenyewe dukani kwenye bechi hiyohiyo ikiwa imefungwa, inagawanywa, inapigwa lakiri, mwenye duka anasaini na anabaki na sehemu yake ili akibisha apime kwingine. Maabara inapima mpangilio wa asidi za mafuta, ambao kila mmea una wake kama alama ya kidole. Jibu likitofautiana na lebo bechi inazuiwa, inaondolewa sokoni kwa gharama ya mhusika, na baada ya hapo kuna faini au mahakama, na muuzaji wa rejareja ambaye hawezi kuonyesha alinunua wapi anabeba mzigo yeye. Wenye maduka tunzeni risiti zenu za jumla, nimelisema hili mpaka nimechoka.

La mwisho ni wale wanaonunua barabarani Singida kwenye chupa za maji zilizopangwa juani. Hayo hayana lebo kwa hiyo hayana cha kusomwa, na hata yakiwa alizeti tupu, jua na chupa ya kuonyesha ndani vinayachachisha haraka. Muombe muuzaji akutolee yaliyo kivulini ndani, onja tone moja, yakikuwasha kooni au yakinuka kama rangi ya ukuta, mrudishie.