Je, wajua leusini ya wei huiamshaje misuli?

"Kila mtu gym anasema wei inajenga misuli kwa sababu ina leusini inayowasha mTOR. Inawashaje hasa? Na kama leusini ndiyo yenye kazi, kwa nini nisimeze leusini tupu nikaachana na unga mzima?"

Cha ajabu ni kwamba leusini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini za wei, yaani unga wa protini utokanao na maziwa, haigusi kabisa mTOR, protini ya ndani ya seli inayotoa amri ya kujenga. Inajibandika kwenye protini nyingine, protini hiyo inaachia kitu ilichokuwa imekishika, na baada ya hatua kadhaa mTOR inajikuta haina kizuizi tena. Leusini tupu inaweza kufanya hayo yote vizuri tu. Shida inaanza baada ya hapo, pale amri ya kujenga inapotoka na vya kujengea havitoshi.

Kuna dhana mbili potofu hapa, na ya pili huwanasa hata wale walioepuka ya kwanza.

Ya kwanza ni kwamba leusini ni malighafi tu: ukiimeza kwa wingi, misuli inajazika. Protini za misuli hutengenezwa kwa asidi amino 20 za aina tofauti, na leusini haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa protini hizo. Ingekuwa malighafi tu, isingekuwa na cha kujivunia mbele ya wenzake.

Kwamba ni zaidi ya malighafi, ushahidi mzuri ulitoka kwenye dawa moja. Rapamaisini hutengenezwa na bakteria waliopatikana kwenye udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui, kusini-mashariki mwa Pasifiki, mwaka 1964. Hospitalini hutumika kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, na inafanya hivyo kwa kuilemaza mTOR. Mwaka 2011 watafiti wa Texas waliwanywesha vijana wenye afya gramu 10 za asidi amino muhimu, zile ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Bila dawa, uundaji wa protini kwenye misuli ya paja uliongezeka kama ilivyotarajiwa. Walipotanguliziwa rapamaisini, ongezeko hilo halikuonekana. Asidi amino zilikuwa tele kwenye damu, lakini misuli ilikaa kama haijala. Malighafi ilikuwepo, amri ndiyo iliyokosekana.

Dhana ya pili inazaliwa hapo hapo: basi, kama amri ndiyo muhimu, amri inatosha. Tutairudia, kwa sababu kwanza inabidi kuiona amri yenyewe inavyotoka.

mTOR hufanya kazi ikiwa ndani ya kundi la protini liitwalo mTORC1. Kundi hili likiwa linaelea ovyo ndani ya seli halina faida kubwa. Ni lazima lifike kwenye uso wa lisosomu, kile kifuko ambamo seli husaga vitu vyake vilivyochakaa. Huko kuna protini iitwayo Rheb, na Rheb ndiyo inayoiamsha mTORC1.

Chukulia lisosomu kuwa ni kiwanda chenye lango. mTORC1 ni msimamizi wa zamu aliyesimama nje, na Rheb yuko ndani na ufunguo wa mitambo. Langoni kuna wapokeaji, protini ziitwazo Rag, ambao humwingiza msimamizi ikiwa tu wana vibali halali mkononi. Kwa bahati mbaya kuna askari, GATOR1, ambaye kazi yake ni kuwanyang'anya wapokeaji vibali hivyo. Juu ya askari kuna mkubwa wake, GATOR2, anayeweza kumwambia atulie. Lakini leusini ikiwa haba, mkubwa huyu amewekwa kitako na mtu wa porojo, Sestrini-2, aliyemshika mkono hamwachii. Mkubwa hasemi neno, askari anakusanya vibali, na msimamizi anabaki nje.

Leusini inapoongezeka, inamwendea huyo wa porojo. Sestrini-2 ina kijitundu kilichochongwa kwa umbo la leusini karibu sawasawa. Leusini inaingia, sehemu ya protini inajikunja juu yake kama kifuniko, na Sestrini-2 inabadilika umbo kiasi cha kushindwa kumshikilia GATOR2. Mkubwa anapata nafasi, askari anatulizwa, wapokeaji wanabaki na vibali vyao, msimamizi anaingia. Isoleusini, ambayo ina atomi zile zile kabisa ila zimepangwa tofauti kidogo, inakaa vibaya kwenye kijitundu hicho, na valini vibaya zaidi. Ndiyo maana asidi hizi tatu, ingawa huuzwa pamoja kwenye kopo moja kama ndugu, hazina nguvu sawa kabisa katika jambo hili.

Kuingia langoni peke yake hakutoshi, maana Rheb naye ana mtu wa kumzuia, kundi la TSC. Anayemwondoa huyo ni insulini, homoni inayopanda baada ya kula. Mpango huu una busara yake: leusini inathibitisha kwamba vya kujengea vimewasili, insulini inathibitisha kwamba mwili kwa ujumla umeshiba, na mitambo haiwaki mpaka wote wawili wamekubaliana. Protini ya wei hupandisha insulini yenyewe, hivyo kwa mtu mwenye afya hakuna haja ya kuongeza sukari ili hatua hii ipite.

Mitambo ikishawaka, mTORC1 inabandika fosfati kwenye protini kadhaa. Mojawapo, 4E-BP1, ilikuwa imekikumbatia kipande ambacho ribosomu, mtambo wa seli unaounganisha asidi amino kuwa protini, inakihitaji ili kuanza kusoma maelekezo ya protini. Ikibandikwa fosfati, inakiachia. Kizuizi kingine tena kilichoondolewa, kama umeanza kuhesabu.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Habari ya Sestrini-2, iliyochapishwa mwaka 2016, ilichambuliwa zaidi kwenye seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara, si kwenye paja la mtu anayenyanyua chuma. Kwenye misuli ndugu yake, Sestrini-1, huenda ndiye mwenye sauti zaidi, na zipo protini nyingine zilizopendekezwa kuwa nazo huihisi leusini. Mwisho wa mnyororo, mTORC1 yenyewe, umethibitika kwa watu. Viungo vya katikati vimethibitika vizuri zaidi kwenye sahani za maabara.

Sasa, kwa nini wei? Wei ni yale majimaji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Katika kila gramu 100 za protini yake kuna leusini gramu 10 hadi 12 hivi, kiwango cha juu kuliko protini nyingi za chakula. Jambo la pili ni mwendo. Kasini, protini nyingine ya maziwa, huganda ikikutana na asidi ya tumboni na kuachia asidi amino polepole kwa saa nyingi. Wei hubaki majimaji, hupita tumboni haraka, na leusini kwenye damu hufika kilele ndani ya saa moja au karibu na hapo. Gramu 25 za protini ya wei hukupa leusini gramu 2.5 hadi 3. Ni gramu za protini, si za unga: kijiko cha gramu 30 kinaweza kuwa na protini gramu 24 tu, na lebo ndiyo itakayokuambia.

Turudi kwenye ile dhana ya pili, na swali la kumeza leusini tupu. Jaribio ninalolipenda hapa lilifanywa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2012. Vijana wa kiume walifanya mazoezi ya uzito kwa mguu mmoja tu, mwingine ukapumzika, kwa hiyo kila mtu alikuwa kipimo cha mwenyewe. Kisha kundi moja likanywa wei gramu 25, yenye leusini gramu 3. Kundi la pili likanywa wei gramu 6.25 tu, robo ya kipimo, lakini ikaongezwa leusini mpaka ikafika gramu 3 zile zile. La tatu likapata robo hiyo hiyo pamoja na asidi amino muhimu nyingine zote isipokuwa leusini, hivyo leusini ikabaki gramu 0.75.

Kipimo chenyewe si cha kupendeza. Unatundikiwa mshipani fenilalanini yenye kaboni nzito, kisha sindano nene inang'oa kipande kidogo cha nyama ya paja, na baada ya saa kadhaa kingine. Kadiri kaboni nzito ilivyoingia kwenye protini za misuli, ndivyo uundaji ulivyokuwa wa kasi.

Kati ya saa ya 1 na ya 3, makundi yote matatu yalipanda kwa kiwango kisichotofautiana. Kwa wauza leusini hizi zilikuwa habari njema nusu: robo ya wei yenye leusini ililingana na kipimo kizima. Nusu ya pili hawaitangazi, maana hata kundi lenye leusini gramu 0.75 lilipanda vile vile, jambo linaloifanya ile "gramu 3 au hakuna kitu" isiwe sheria ya chuma. Kati ya saa ya 3 na ya 5 ndipo mambo yalipoachana. Kwenye mguu uliofanya mazoezi, ni wei gramu 25 pekee iliyoendeleza ongezeko. Makundi mengine hayakuendeleza ongezeko, ingawa mojawapo lilipata leusini kamili.

Mzigo mkubwa nao haukwepi mipaka. Mwaka 2010 watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwapa wanaume waliopumzika wei gramu 48 kwa mkupuo. Uundaji wa protini ulipanda kama mara 3 katika kipindi cha dakika 45 hadi 90, kisha ukarudi chini. Leusini ilikuwa bado nyingi kwenye damu, na alama za fosfati zilionyesha mTORC1 bado inatoa amri. Misuli ilikuwa imeacha kusikiliza. Kwa hiyo ukiona tangazo linaloonyesha mTOR imewaka na kuishia hapo, limekuonyesha amri, halijakuonyesha misuli.

Na leusini tupu ikinywewa muda mrefu? Uholanzi wazee wenye afya walinywa gramu 2.5 kwenye kila mlo mkuu, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: uzito wa misuli haukuongezeka, nguvu za miguu hazikuongezeka. Milo yao ya kawaida tayari ilikuwa na protini ya kutosha, kwa hiyo nyongeza ilikuwa inatuma amri iliyokwisha kutumwa. Inapoonekana kuwa na maana zaidi ni pale mlo wenyewe una protini kidogo, hasa kwa wazee ambao misuli yao huhitaji leusini zaidi ili iitike, na hata hapo inafanya kazi ikiwa imechanganywa na chakula, si badala yake.