Feni ya bafuni Zanzibar isipangwe kwenye asilimia 70

Feni nyingi za kutoa hewa bafuni hufungwa na taima: ukiwasha taa inaanza, ukizima inaendelea dakika 15 kisha inasimama. Taima haitambui nani kaingia kufanya nini. Aliyenawa mikono anapewa dakika zile zile za aliyeoga maji ya moto, na mvuke wa muogaji wa mwisho hubaki darini feni ikiwa imeshazima. Kuvu jeusi huanzia hapo, kwenye pembe za dari.

Wengine hununua feni yenye sensa ya unyevu, inayowaka hewa ikifika kiwango fulani, mara nyingi asilimia 65 au 70. Kiwango hicho kinafaa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ni kavu zaidi. Unguja na Pemba hewa ya nje yenyewe mara nyingi hupita asilimia 75, na usiku wa masika hupanda zaidi. Feni ikitoa hewa ya asilimia 80, inayoingia mahali pake ni ya asilimia 80 vile vile, kwa hivyo unyevu haushuki hadi 70 na feni haizimi. Inakula umeme wa Tukuza mchana na usiku, beringi zinachakaa, na chumba cha pili kikiwa na kiyoyozi inavuta baridi yote na kuingiza joto la nje. Ukisogeza kiwango hadi 90 unapata tatizo jengine: inachelewa kuwaka mpaka vigae vimeshaanza kutoka jasho.

Dawa yake ni feni inayofuata kupanda kwa unyevu. Sensa hukumbuka wastani wa hewa ya bafu kwa saa moja au mbili zilizopita, na huo ndio msingi wake. Unyevu ukiruka pointi 5 ndani ya dakika mbili tatu, kuna mtu anaoga, feni iwake. Ukipanda pointi hizo hizo kwa saa nne kwa sababu mvua inakuja, msingi nao unapanda taratibu na feni inatulia.

Tuchukue bafu la mita 2 kwa 2.5, dari mita 2.7, yaani mita za ujazo 13.5. Kabla ya kuoga unyevu ni asilimia 78. Mtu anafungua maji ya moto, dakika ya pili sensa inasoma 84, feni inawaka. Anapomaliza ni 98. Feni inayotoa mita za ujazo 90 kwa saa hubadilisha hewa ya bafu hilo kila dakika 9. Kwa hesabu ya hewa peke yake, zile pointi 20 za ziada zingeshuka hadi 3 kwa dakika 17 hivi, lakini kuta na taulo bado zinatoa maji, kwa hivyo tarajia nusu saa. Ipange izime ikifika pointi 3 juu ya msingi, na kwa vyovyote isipite dakika 45, maana mvua ikianza katikati ya kuoga hewa ya nje haitashuka tena kwenye msingi wa mwanzo. Msingi nao lazima usimame palepale wakati feni inazunguka. Ukiendelea kujihesabu, mvuke wenyewe utaupandisha na feni itazima mapema.

Kosa tunaloliona zaidi ni la waya. Feni hii inahitaji laini ya moto ya kudumu. Fundi akiichukua kwenye swichi ya taa, taa ikizimwa sensa inakufa na kusahau msingi. Umeme ukikatika na kurudi bafu likiwa limejaa mvuke, baadhi ya feni huchukua mvuke ule kuwa ndio msingi na hazitowaka. Acha mlango wazi saa moja hewa itulie, kisha uikatie umeme na kuiwashia tena.

Chini ya mlango acha uwazi wa milimita 10 hivi. Bila ya uwazi huo feni hunguruma tu, kwani hewa haina pa kuingilia. Jaribu kwa karatasi moja ya chooni: feni ikiwa inavuta, karatasi hujishika yenyewe kwenye kifuniko chake.

Anayeoga kwa ndoo na maji baridi hatoi mvuke wa ghafla, na feni inaweza isishituke. Kwa ajili hiyo iwepo swichi ya mkono pia.

Vumbi na chumvi ya bahari huifanya sensa isome vibaya. Ikiwa sensa yako ina kioo cha kusomea na inatoka kwenye feni, itie kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya jikoni iliyoloweshwa ikawa kama mchanga wa pwani, visigusane. Baada ya saa 8 isome asilimia 75. Ikipishana kwa pointi 2 au 3 haina neno, kwani feni inatazama mruko. Ikipishana kwa 10, ibadilishe.