Mabaki na mchoro wa QQ: mstari ukipinda, nini kinaharibika?

Katika rigresheni, dhana ya mgawanyo wa kawaida inahusu mabaki, yaani tofauti kati ya thamani iliyopimwa na ile ambayo modeli imekadiria. Haihusu data ghafi, ingawa wanafunzi wengi huanza kwa kuchora histogramu ya data hiyo.

Tuchukue data ya `cars` iliyomo ndani ya R: vipimo 50 vya miaka ya 1920, vya mwendo wa gari (maili kwa saa) na umbali linaosafiri hadi kusimama (futi).

```r
m <- lm(dist ~ speed, data = cars)
qqnorm(resid(m))
qqline(resid(m))
```

Mchoro huu wa QQ hupanga mabaki kuanzia dogo hadi kubwa, kisha kila moja hulinganishwa na thamani ambayo ingetarajiwa katika nafasi hiyo kama mgawanyo ungekuwa wa kawaida. Vikilingana, nukta hukaa kwenye mstari. Hapa baki kubwa kuliko yote ni futi 43.2, wakati mstari unaonyesha kama 32. Baki dogo kabisa ni −29.1, na mstari unaonyesha kama −32.5. Ncha zote mbili ziko juu ya mstari, na hiyo ndiyo alama ya mkia mrefu wa kulia. Nukta za mwisho huyumba hata mgawanyo ukiwa wa kawaida, kwa hiyo mimi huangalia umbo la mkunjo mzima kabla ya kuhukumu nukta moja.

Je, kasoro hii ina uzito? Inategemea unachouliza. Mteremko ni futi 3.93 kwa kila ongezeko la mwendo la maili moja kwa saa, na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 ni kama 3.10 hadi 4.77. Mteremko hutokana na wastani wenye uzito wa vipimo vyote 50, na wastani wa namna hiyo hukaribia mgawanyo wa kawaida hata mabaki yakiwa yamepinda kiasi. Kinachoweza kuutia shaka zaidi ni mtawanyiko wa mabaki kukua kadiri mwendo unavyoongezeka, jambo ambalo mchoro wa QQ haukuonyeshi. Chora mabaki dhidi ya makadirio.

Utabiri wa gari moja ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna wastani wa kukuokoa, kwa sababu umbo la mabaki linaingia moja kwa moja kwenye jibu. Kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, masafa ya utabiri ya asilimia 95 ni futi −9.8 hadi 53.3. Hakuna gari linalosimama kabla ya kushikwa breki.

Ukitumia `sqrt(dist)` badala ya `dist`, kisha ukaipandisha kipeo cha pili mipaka uliyopata, masafa yanakuwa takriban futi 5 hadi 46.