Giza kwenye ncha ya mzizi si lazima liwe jipu

Kila msimu wa mtihani wa mwisho wa udaktari wa meno nasikia jibu lile lile. Naweka eksirei kwenye skrini, mwanafunzi anaona duara jeusi kwenye ncha ya mzizi, na kabla sijamaliza kutaja umri wa mgonjwa ameshajibu: "Jipu, dokta. Nitatibu mzizi."

Eksirei haionyeshi jipu. Inaonyesha sehemu ambayo mfupa umepoteza madini, basi. Kiini cha jino kufa ndiyo sababu ya kawaida, lakini uhai wa kiini haupimwi kwa macho. Unapimwa mdomoni, kwa baridi au kwa umeme.

Chukua mfano ninaopenda kuutumia. Mama wa Kiafrika, miaka 42, amekuja kung'olewa gego. Picha inaonyesha maduara meusi matatu chini ya meno ya mbele ya taya la chini, kila moja kama milimita 4 au 5. Hana maumivu wala uvimbe. Meno hayo hayajatoboka, hayajazibwa, hayajawahi kugongwa, na rangi yake ni ya kawaida. Wanafunzi wengi hapa hutibu mizizi mitatu kwa mpigo! Jiulize kwanza: viini vitatu vimekufaje bila tundu wala pigo? Weka pamba yenye baridi kwenye kila jino, pamoja na meno ya jirani ya kulinganisha nayo. Yote yanahisi, na hisia inaisha mara pamba ikiondolewa. Viini viko hai.

Hiyo ni displasia ya simento na mfupa. Hupenda wanawake weusi wa umri wa kati, na hupenda eneo hilo hilo la mbele ya taya la chini. Mwanzoni ni nyeusi tupu, baadaye punje nyeupe hutokea katikati, na mwishoni ni donge jeupe lenye ukingo mwembamba mweusi. Usitegemee lamina dura ikuokoe, kwa sababu katika hatua ya kwanza nayo inaweza kupotea, sawasawa na kwenye jino lililokufa. Kinachoamua ni kipimo cha uhai. Kama dalili zote zinakubaliana, huchimbi, hukati kipande cha kupeleka maabara, wala hutibu mzizi. Unamweleza mgonjwa, unarudia picha baada ya muda, na unasisitiza usafi wa kinywa. Donge likishakomaa mishipa yake ya damu ni michache, hivyo kung'oa jino hapo au kulichokonoa kunaweza kuleta maambukizi sugu. Mtahini akiuliza "utafanya nini?", kutofanya kitu ni jibu kamili, mradi utoe sababu.

Binamu wa kosa hili ni tundu la neva ya kidevu, linaloangukia kwenye ncha ya premola ya pili na kusomwa kama ugonjwa. Fuata lamina dura: ikizunguka ncha bila kukatika, anza kushuku tundu. Kisha piga picha ya pili ukisogeza mashine kwa mlalo. Tundu liko upande wa shavu, kwa hiyo litahama kinyume na ulikosogeza mashine na kuachana na ncha. Ugonjwa wa ncha hubaki umeshikamana nayo.

Kuna na wanaosema picha ikiwa safi basi jino ni zima. Mwaka 1961 Bender na Seltzer walichimba mashimo kwenye mifupa ya taya za maiti, na yale yaliyobaki ndani ya mfupa laini bila kugusa ganda gumu hayakuonekana kwenye eksirei. Ndiyo maana jipu la ghafla linamlaza mgonjwa macho usiku kucha na picha haionyeshi kitu, labda nafasi ya kano ya jino iliyotanuka kidogo. Ligonge jino utajua.

Wengine hujibu: "Duara kubwa lenye ukingo mweupe ni sisti, dogo ni granuloma." Hapana. Ukubwa unaongeza uwezekano tu. Anayeamua ni mpatholojia mwenye darubini, kwa hiyo andika yote mawili kwenye orodha yako na uendelee na swali linalofuata.

Na lile kosa la picha inayofanana na mapovu ya sabuni. Si kila weusi wenye vyumba vyumba ni ameloblastoma, hata kama wodini ndiyo mnayoiona zaidi. Sisti ya keratini na miksoma nazo huweza kuwa na vyumba. Tazama namna taya lilivyotanuka. Ameloblastoma husukuma mfupa nje na mara nyingi hula mizizi ya meno, ilhali sisti ya keratini hupenda kutambaa kwa urefu ndani ya taya, na mgonjwa anaweza kuja nayo kubwa huku uso wake ukiwa karibu na kawaida.