Dhana potofu na ukweli: kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 252

Mteja mwingine ameniletea jedwali la mabadiliko ya kila siku lenye fomula ileile, akiwa na hakika kwamba mfuko wake wa hisa una mtikisiko wa asilimia 7.9 kwa mwaka:

```
=STDEV(B2:B505)*SQRT(252)
```

Fomula haina kosa la hesabu. Mkengeuko sanifu wa siku ni asilimia 0.5, kipeuo cha pili cha 252, yaani siku za soko katika mwaka, ni 15.87, na jibu ni hilo. Kosa liko kwenye dhana iliyo nyuma yake.

Dhana: Ukishapata mtikisiko wa siku, wa mwaka ni kuzidisha tu.

Kinachojumlishwa siku hadi siku ni mraba wa mkengeuko, si mkengeuko wenyewe. Siku 252 zina mraba mara 252, ndiyo maana tunachukua kipeuo. Lakini mraba hujumlishwa hivyo pale tu ambapo badiliko la leo halina uhusiano na la kesho. Hapo ndipo mifuko ya masoko yetu inapokwama, kwa sababu katika soko kama la Dar es Salaam kaunta nyingine, yaani hisa za kampuni mojamoja, humaliza siku nzima bila muamala, na bei inayotumika kuthaminisha mfuko ni ya muamala wa mwisho.

Chukua mfuko wenye hisa mbili tu, nusu kwa nusu. Leo inatoka habari inayopandisha thamani ya zote mbili kwa asilimia 4. Ya kwanza inauzwa leo, ya pili inapata mnunuzi kesho. Mfuko unaonekana umepanda takriban asilimia 2 leo na 2 kesho, badala ya 4 kwa mara moja. Piga miraba: 4 na 4 ni 8, wakati mraba wa 4 ni 16. Nusu ya mtikisiko, ukiupima kwa mraba, imepotea, wala hakuna aliyedanganya. Bei moja ilichelewa tu.

Wengi hudhani tatizo hili ni la kila hisa iliyolala. Sivyo. Hisa moja ikilala siku tatu kisha ikaamka na kuruka kwa pamoja, mruko huo unabeba mtikisiko wa siku zote tatu, na hesabu hukaribia kuwa sawa. Upotoshaji unaingia pale hisa nyingi zinapoamka siku tofauti ndani ya mfuko mmoja. Kwa hiyo hata anayekagua kaunta mojamoja anaweza asilione.

Njia ya kuligundua ni rahisi, na sielewi kwa nini watu hawaifanyi. Pima upya kwa mabadiliko ya wiki. Kama kanuni ingefaa, asilimia 0.5 ya siku ingetoa takriban 1.1 kwa wiki. Kwa mfuko wa mteja huyu nilipata 1.6. Ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha 52, yaani 7.21, unapata asilimia 11.5 kwa mwaka, si 7.9. Mimi takwimu za siku za mfuko wa aina hii sizikubali kabisa. Nataka za wiki, za miaka miwili angalau. Na kama kuna kaunta zinazolala zaidi ya wiki, hata hiyo 11.5 bado ni ndogo.

Dhana: Basi kanuni daima inapunguza.

Hapana. Hisa ambayo muamala wake wa mwisho unapishana siku moja 500, siku ya pili 520, kwa sababu leo imegonga bei ya mnunuzi na kesho ya muuzaji, itakupa karibu asilimia 62 kwa mwaka ilhali haijaenda popote.

Dhana: Mwaka una siku 365, tumia 365.

Kwa sarafu za kidijitali zinazouzwa kila siku, sawa. Kwa hisa, soko likifungwa bei huyumba kidogo sana. French na Roll walionyesha mwaka 1986, kwa hisa za Marekani, kwamba badiliko la Ijumaa hadi Jumatatu lina mraba mkubwa kidogo tu kuliko wa siku moja ya kawaida, wala si mara tatu.

Dhana: Siku tulivu huzaa mwaka mtulivu.

Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu yuro kushuka chini ya faranga 1.20. Mwishoni mwa 2014 bei ilikuwa imeganda juu kidogo tu ya hapo, na aliyezidisha mtikisiko wa siku kwa 15.87 alipata namba ndogo sana. Tarehe 15 Januari 2015 benki iliondoa kizuizi hicho, na siku hiyohiyo yuro ilishuka chini ya faranga 1. Siku zote alizopima zilikuwa za bei iliyoshikiliwa.