Juisi, nekta au kinywaji cha juisi? Yanayoaminiwa na yanayosemwa na lebo

Dhana: Pakiti ikiwa na embe lililokatwa na neno EMBE kwa herufi kubwa, ndani mna juisi ya embe.

Picha na herufi kubwa ni kazi ya mtu wa matangazo. Jina halisi la bidhaa huwa ni maneno madogo yaliyo chini yake, mara nyingi kwa rangi inayofanana na ya pakiti, na hayo ndiyo yanayobanwa na sheria za chakula. Kama yameandikwa "juisi ya embe", unachonunua ni juisi. Yakiwa ni "nekta ya embe", "kinywaji cha juisi ya embe" au "kinywaji chenye ladha ya embe", hizo ni bidhaa tatu tofauti, na kadiri unavyosogea kuelekea ile ya mwisho ndivyo tunda linavyozidi kupungua. Ile yenye "ladha" huenda haina tunda hata tone, ladha yenyewe imetoka kwenye chupa ya kiwandani.

Kwa hiyo tafuta neno linaloambatana na "juisi". Juisi halisi haihitaji kuitwa kinywaji.

Dhana: Nekta ni juisi nzito, kwa hiyo ni bora kuliko juisi ya kawaida.

Hii ndiyo inayowanasa wengi, maana nekta ya embe kweli ni nzito mdomoni. Uzito huo unatokana na rojo la tunda. Embe na pera likisagwa hutoa rojo lisilonyweka kirahisi, hivyo huongezwa maji, na mara nyingi sukari, asali au kitamu kingine. Si udanganyifu, ni namna inayofaa kwa matunda ya aina hiyo. Ila si juisi tupu.

Kiwango cha 2005 cha Codex Alimentarius, kinachosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani, kinataka nekta ya embe au ya pera iwe na angalau asilimia 25 ya tunda, na ya chungwa au tufaha angalau asilimia 50. Asilimia hiyo inatakiwa iandikwe karibu na jina, mahali panapoonekana.

Chukua pakiti ya lita 1 iliyoandikwa "Nekta ya embe, juisi 30%". Humo mna mililita 300 zilizotoka kwenye embe. Mililita 700 zilizobaki ni maji na vilivyoyeyushwa humo. Ukimimina glasi ya mililita 250, embe lenyewe ni mililita 75.

Sasa weka kando yake pakiti ya "kinywaji cha juisi ya embe, juisi 5%". Kiwango hicho cha Codex hakiihusu, kwa hiyo sakafu ya nekta haipo hapa. Glasi ileile ina mililita 12.5 za embe, haijai hata kijiko kikubwa kimoja. Picha ya embe kwenye pakiti zote mbili yaweza kuwa ileile.

Dhana: Ukiona "100%" umepata juisi.

Soma neno linalofuata. "Juisi 100%" ni dai la kiasi cha juisi. "Asili 100%", "ladha 100%" au "vitamini C 100%" hayasemi lolote kuhusu kiasi hicho. Hilo la vitamini kwa kawaida lina maana ya mahitaji ya siku, na vitamini C huongezwa kiwandani kirahisi sana.

Dhana: "Haijaongezwa sukari" maana yake ni juisi halisi.

Nekta nayo yaweza kubeba maneno hayo kama imetiwa vitamu visivyo sukari. Kwa upande mwingine, juisi halisi ya chungwa ina sukari yake ya asili, takribani gramu 8 hadi 10 kwa kila mililita 100. Maneno haya yanahusu kilichotiwa. Tunda ni kiasi gani, hayasemi.

Dhana: Juisi iliyotengenezwa kwa mkolezo ni bandia.

Mkolezo ni juisi iliyopunguzwa maji ili isafirishwe kwa wepesi. Kiwandani maji hurudishwa mpaka juisi ifikie tena kiwango chake cha utamu. Kwa chungwa, Codex inataka isipungue Briksi 11.2, yaani kipimo cha sukari iliyoyeyuka kwenye juisi. Yale ni maji yaliyorudishwa, si ya kuzimua, ndiyo maana bidhaa hiyo huitwa juisi kihalali. Harufu hupungua kidogo, na anayejali ladha ana haki ya kuchagua ile isiyotokana na mkolezo. Lakini ukilazimika kuchagua kati ya "juisi ya chungwa 100% kutokana na mkolezo" na "kinywaji cha chungwa freshi", ya kwanza ndiyo yenye machungwa. Neno "freshi" kwenye ile ya pili halikuambii imetiwa chungwa kiasi gani.