Fedha za msingi zikiongezeka maradufu, si lazima fedha mitaani ziongezeke

Juma hili nimeulizwa tena: "Benki kuu ikiongeza fedha mara mbili wakati wa msukosuko, si bei nazo zitapanda mara mbili?" Hapana. Nimechoka kulijibu kwa sentensi moja, basi tufanye hesabu.

Kizidishi cha fedha huonyesha ujazi wa fedha, yaani taslimu za watu pamoja na amana zao, ni mara ngapi ya fedha za msingi, yaani taslimu pamoja na akiba ambazo benki zimeweka benki kuu. Kanuni yake ni hii:

```
m = (1 + c) / (c + r + e)
```

Hapo c ni fedha taslimu walizo nazo watu, r ni akiba ya lazima na e ni akiba ya ziada, zote zikipimwa kwa uwiano wake na amana. Tuseme c ni 0.2, r ni 0.1 na e ni sifuri. Kizidishi ni 4, kwa hiyo fedha za msingi 100 zinabeba ujazi wa fedha wa 400. Sasa hofu inaingia. Benki kuu inanunua hati fungani na kufikisha fedha za msingi 200, lakini benki zinapandisha e hadi 0.3. Kizidishi kinashuka hadi 2, na 2 mara 200 ni 400 ileile. Amana hazijasogea, zile 100 mpya zote zimelala kwenye akaunti za benki huko benki kuu.

Marekani iliyaona haya mwaka 2008. Kati ya Agosti na mwisho wa mwaka, fedha za msingi zilikaribia kuongezeka maradufu, na akiba ya ziada ikapanda kutoka takriban dola bilioni 2 hadi mamia ya mabilioni. Kizidishi cha M1, yaani ujazi wa fedha unaohesabu taslimu na amana za hundi, kikaanguka chini ya 1.

Linaloniudhi zaidi ni usemi kwamba benki "zilikataa kuzitoa" akiba hizo. Benki moja inaweza kuzitoa, lakini zitaishia kwenye akaunti ya benki nyingine. Watu wasipochukua noti zaidi, benki zote kwa pamoja haziwezi kupunguza jumla ya akiba. Anayeipanga ni benki kuu. Mkopo mpya huzaa amana mpya, na amana hiyo huigeuza sehemu ya akiba ya ziada kuwa ya lazima. Kwa hiyo ukitaka kujua kama benki zimejifungia, usitazame ukubwa wa akiba peke yake. Tazama kama mikopo na amana zinakua.

Mbona hazikukopesha? Ziliogopa wateja kutolipa na amana kuondolewa ghafla, mtaji ulikuwa umeliwa na hasara, na wakopaji wazuri wenyewe walikuwa wakilipa madeni ya zamani. Tena Oktoba 2008 benki kuu ilianza kulipa riba kwa akiba hizo. Wapo wanaoitupia riba hiyo lawama yote. Mimi naona hofu na upungufu wa mtaji vilikuwa na uzito zaidi, ila sababu hizi zilikuja pamoja na sijaona njia ya kuzitenganisha inayoniridhisha. Kanuni yenyewe haisaidii hapa: inaonyesha e imepanda, haisemi nani aliyeipandisha.